Tairi za dereva teksi

"Nimepewa kazi ya tangazo fupi la kihadithi: dereva teksi, tairi zinazookoa mafuta, mwezi wake unabadilika. Nifanyeje liaminike?"

Ndugu yangu, usimnunulie kiwanja. Madereva watakaolisoma wanajua bei ya lita kuliko wewe. Tairi hubonyea kila inapokanyaga lami, na nguvu inayopotea hapo hugeuka joto. Tairi hizi hupunguza upotevu huo, basi. Chukulia zinaokoa asilimia 4. Dereva anayetumia lita 12 kwa siku, siku 26, anachoma lita 312 kwa mwezi. Anaokoa lita 12 na ushee, yaani mafuta ya siku moja nzima.

Hadithi yako ni siku hiyo. Mwonyeshe tarehe 30 akipiga hesabu kwenye daftari lake, kisha hesabu ya bosi inatimia na cha kwake kinabaki.

Weka pia tukio la asubuhi, tairi zikiwa bado baridi, anapima upepo kwa geji. Zikipungukiwa upepo, akiba nayo inapungua, na mnunuzi atalilaumu tangazo lako.