Mkurugenzi akiitafuna kampuni, mwanahisa mdogo anashtaki kwa jina la nani?

Hapa Mtwara kampuni ndogo nyingi zimeanzishwa na watu wanaofahamiana. Walimu wastaafu, wafanyabiashara wawili watatu wa korosho na ndugu mmoja aliyeko Dar es Salaam wanachanga, wanasajili BRELA, wananunua ghala au mashine za kubangulia. Yetu ilikuwa hivyohivyo. Ina hisa 1,000, na mimi nina 100. Wakurugenzi wetu wawili kwa pamoja wanazo 620. Mali kubwa ya kampuni ni ghala lililo nje kidogo ya mji, ambalo msimu wa korosho ukianza huwa halikosi mpangaji.

Tatizo lilianzia kwa mpangaji. Ghala ambalo majirani zetu wanalipangisha kwa shilingi 4,000,000 kwa mwezi, letu lilikuwa linalipiwa 1,500,000, na mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Mpangaji ni kampuni ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia. Pengo la 2,500,000 kwa miezi 24 ni shilingi 60,000,000.

Wazo la kwanza la kila mwanahisa aliyekasirika ni kwenda mahakamani kudai fungu lake. Mimi nina asilimia kumi, basi nidai milioni sita. Wakili niliyemwendea, binti mdogo kwa umri lakini makini sana, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia, "Mama, fedha hii si yako. Ni ya kampuni. Ukidai milioni sita kwa jina lako, kesi itatupwa."

Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Ghala ni lake, kodi ni yake, na aliyeumizwa ni yeye. Thamani ya hisa zangu imeshuka kwa sababu mfuko wa kampuni umepungua, na ukijazwa, hisa zangu zitapanda zenyewe. Mahakama ikinilipa mimi na kisha kuilipa kampuni, mkurugenzi atakuwa amelipa hasara moja mara mbili. Msimamo huu ni wa tangu 1843, katika kesi ya Uingereza ya Foss dhidi ya Harbottle, ambapo wanahisa wawili waliwashtaki wakurugenzi na mahakama ikasema mwenye haki ya kudai ni kampuni yenyewe.

Lakini anayeamua kampuni ishtaki ni bodi, na bodi ndiyo hao hao wanaotuhumiwa. Kwa ajili ya mkwamo huo Sheria ya Makampuni ya 2002 iliweka kifungu cha 234. Mwanahisa anaiomba Mahakama Kuu kibali cha kufungua kesi kwa jina la kampuni na kwa niaba yake. Kibali kwanza, kesi baadaye. Anayeruka hatua hiyo na kuandika jina la kampuni kama mdai anakutana na pingamizi la awali kwamba kampuni haikuidhinisha kesi, na mawakili wa upande wa pili watataja uamuzi wa Uganda wa 1970, Bugerere Coffee Growers dhidi ya Sebaduka, ambao mahakama zetu zimeutumia mara nyingi. Kesi inaanguka kabla hata ya ushahidi kusikilizwa.

Ili kibali kitoke, mahakama inataka iridhike na mambo matatu: kwamba uliwapa wakurugenzi taarifa ya kutosha kabla ya kuja, kwamba una nia njema, na kwamba inaonekana kesi hiyo ina manufaa kwa kampuni. Yakisomwa haraka yanaonekana mepesi. Sivyo.

Taarifa ni barua. Barua ya kulalamika tu, yenye maneno kama "hatujaridhishwa na uendeshaji," haitoshi. Yetu ilitaja mkataba wa ghala na tarehe yake, ikaeleza pengo la kodi, ikasema mkurugenzi yupi ana uhusiano na mpangaji, ikaitaka bodi ivunje mkataba na kudai tofauti ya fedha, na ikamaliza kwa kusema kwamba bodi isipofanya hivyo nitaomba kibali chini ya kifungu cha 234. Tuliwapa siku 30. Kifungu hakitaji idadi ya siku; kinachotakiwa ni muda wa kutosha kwa jambo lenyewe. Kama ghala lingekuwa linauzwa wiki ijayo, siku chache zingetosha. Nakala moja ilipelekwa ofisi iliyosajiliwa ya kampuni, na kila mkurugenzi akapelekewa yake kwa mkono na kusaini kwenye dispachi. Hiyo sahihi ndiyo iliyoambatanishwa kwenye hati ya kiapo, maana kitu cha kwanza walichosema mahakamani ni kwamba hawakupata barua.

Manufaa kwa kampuni ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayohitaji kazi. Biashara iliyokwenda vibaya si kosa la mkurugenzi. Akinunua mashine ya kubangulia ikafa baada ya msimu mmoja, mahakama haitakaa kwenye kiti chake na kusema angenunua nyingine. Kodi ndogo peke yake, vilevile, inaweza kuelezwa: mpangaji wa uhakika, paa bovu, ghala kukaa tupu miezi isiyo ya msimu. Tulichohitaji kuonyesha ni kwamba mkurugenzi alikuwa na maslahi yake upande wa pili wa mkataba na hakuyatangaza kwenye bodi, jambo ambalo sheria inamtaka alifanye.

Ushahidi huo hatukuupata ndani ya kampuni. Mwanahisa ana haki ya kupata hesabu za mwaka, kuona daftari la wanahisa na mihtasari ya mikutano mikuu, lakini mihtasari ya bodi na taarifa za benki si haki yake. Watu wengi hupoteza miezi wakigombana na katibu wa kampuni juu ya karatasi ambazo hawawezi kulazimisha kuziona kabla ya kesi. Sisi tulikwenda BRELA. Kwa ada ndogo unaomba upekuzi wa jalada la kampuni yoyote iliyosajiliwa, nasi tukaomba la mpangaji. Wanahisa wake walikuwa wawili, na mmoja ni mke wa mkurugenzi wetu. Karatasi hiyo moja ilifanya kazi kuliko maneno yote tuliyokuwa tumesema kwenye vikao.

Kwa upande wa bei, tulimlipa mthamini aliyesajiliwa akaandika ripoti ya kodi ya maghala ya eneo lile, na jirani mmoja akakubali kutoa nakala ya mkataba wake. Usiende na bei ya kusikia kijiweni. Wakili wa upande wa pili ataiuliza, na usipokuwa na karatasi, milioni sitini zako zinageuka kuwa makisio.

Wakurugenzi walijibu barua kwa namna ambayo naamini wengi watakutana nayo: waliitisha mkutano mkuu wa dharura na kupitisha azimio la kuubariki mkataba. Kwa hisa 620 walishinda. Wenzetu wengine walikata tamaa pale pale, wakiamini wengi wakishapitisha basi imekwisha. Wakili alitutajia kesi ya Cook dhidi ya Deeks ya 1916. Wakurugenzi watatu huko Kanada walijichukulia mkataba wa ujenzi wa reli ambao ulipaswa kuwa wa kampuni, kisha wakatumia kura zao wenyewe kupitisha kwamba kampuni haina maslahi nao. Baraza la rufaa la London likakataa: aliyechukua mali ya kampuni hawezi kujisamehe kwa kura zake mwenyewe. Kwa hiyo kwenye maombi yetu hatukuuficha mkutano ule. Tuliambatanisha muhtasari wake na kuonyesha nani alipiga kura gani. Ukiwatoa wakurugenzi wawili, waliobaki karibu wote walipinga.

Nia njema nayo ina mtego wake. Barua ilipofika, mmoja wa wakurugenzi alinipigia simu kwa upole, akanipa pole ya msiba wa dada yangu, kisha akasema yuko tayari kununua hisa zangu kwa bei nzuri. Ilikuwa bei nzuri kweli. Ningekubali, mkataba wa ghala ungebaki vilevile na wenzangu wangebaki na kampuni inayotafunwa. Na ningejadiliana naye bei huku nimeshika maombi ya kibali, hiyo ingekuwa silaha yake: kwamba kesi ni ya kunikamulia fedha binafsi. Nilimjibu kwa maandishi kwamba ninachodai ni malipo kwa kampuni. Ujumbe huo ulisomwa mahakamani kwa upande wetu. Kama shida yako ni kwamba wewe binafsi unakandamizwa, labda hualikwi mikutano au unanyimwa gawio ambalo wengine wanapewa, kifungu cha 233 ndicho chako. Huko mahakama inaweza hata kuamuru hisa zako zinunuliwe.

Fedha za kesi zipangwe mapema, kwa sababu hesabu yake ni chungu. Wewe unalipa wakili kutoka mfukoni, wakati wakurugenzi hawaoni haya kulipia utetezi wao kwenye akaunti ya kampuni, yaani fedha yako pia. Kwa hiyo kwenye maombi yale yale omba mahakama iamuru kampuni ibebe gharama za wakili zilizo za kiasi, kwa kuwa kesi ni yake. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali msingi huo katika Wallersteiner dhidi ya Moir mwaka 1975. Si jambo la kutolewa kirahisi, lakini usipoomba hupewi. Omba pia usimamizi wa kesi uwe mikononi mwako, la sivyo bodi itamteua wakili wake aje kuizika taratibu.

Kibali kilitoka hapa hapa Mahakama Kuu, Mtwara. Kesi yenyewe haikufika hukumu. Baada ya kuona hoja zilizomridhisha jaji, mkurugenzi alikubali mkataba uvunjwe na akailipa kampuni shilingi 38,000,000, makubaliano yakasajiliwa mahakamani. Fedha ziliingia akaunti ya kampuni, na sehemu kubwa ikaenda benki kupunguza mkopo uliokuwa unatunyima usingizi. Mimi sikugusa hata shilingi siku ile, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ghala sasa linalipiwa bei ya soko, na gawio lililofuata lilikuwa la kwanza tangu tununue jengo.

Wanaonipigia simu kutoka Tandahimba, Newala na Nachingwea wengi ni wanachama wa AMCOS, wakitaka kuwashtaki viongozi kwa njia hii. Kifungu cha 234 ni cha kampuni zilizosajiliwa BRELA. Chama cha ushirika kiko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na mlango wenu wa kwanza ni kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa, mkiwa na barua ya kuomba uchunguzi, muhtasari wa mkutano mkuu na stakabadhi za mauzo mnayoyalalamikia.