Kutoka "migogoro ya ardhi" hadi swali la tasnifu

"Shikamoo mwalimu. Nasoma sheria mwaka wa mwisho hapa Iringa. Tasnifu yangu nataka iwe juu ya migogoro ya ardhi vijijini, maana kwetu Mufindi ndiyo habari ya kila siku. Kichwa nilichopeleka ni 'Changamoto za utatuzi wa migogoro ya ardhi Tanzania'. Msimamizi kanirudishia, anasema mada ni pana na haoni swali. Nianzie wapi kuibana?"

Marahaba. Wengi wakiambiwa mada ni pana hukimbilia kupunguza eneo: wanafuta "Tanzania", wanaandika "Wilaya ya Mufindi", wanarudi kwa msimamizi. Hapo umepunguza ramani tu. Changamoto huwezi kuzikosa popote utakapokwenda, kwa hiyo hakuna utakachokipata kitakachokuonyesha kwamba ulikosea. Katika sheria, anza kubana kwenye kifungu: tafuta mahali ambapo maneno ya sheria yanaruhusu majibu mawili.

Kwenye mada yako mahali hapo papo. Chukua Sheria ya Utatuzi wa Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi, yakabaki na usuluhishi. Kifungu cha 13(4) kikaongezwa: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lisisikilize shauri la ardhi mpaka baraza la kata lithibitishe kwa cheti kwamba limeshindwa kusuluhisha. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani bila uthibitisho huo. (Namba za vifungu zihakiki kwenye Toleo la Urekebu la 2023 kabla hujaandika lolote.)

Sasa fikiria ndugu wawili wanaogombea shamba la miti. Mkubwa anafungua shauri wilayani moja kwa moja, bila kupita kata. Mdogo hapingi. Ushahidi unasikilizwa, mdogo anashindwa. Anakata rufaa Mahakama Kuu na hapo ndipo anasema: cheti cha kata hakikuwepo. Kama cheti ni suala la mamlaka, hoja hiyo inaweza kuibuliwa hata kwenye rufaa, na mwenendo wote unafutwa. Lakini kifungu cha 45 cha sheria hiyo hiyo kinasema uamuzi wa baraza usitenguliwe kwa kasoro za mwenendo, isipokuwa kama kasoro hiyo imesababisha haki isitendeke. Mdogo alisikilizwa. Haki gani aliikosa?

Swali lako limezaliwa hapo: "Je, kufungua shauri bila cheti cha baraza la kata kunaliondolea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mamlaka ya kulisikiliza, au ni kasoro inayotibika chini ya kifungu cha 45?"

Lijaribu kabla hujamrudia msimamizi. Andika aya moja ukitetea "ndiyo" na nyingine ukitetea "hapana", kila moja ikisimama juu ya kifungu. Ukiweza zote mbili, swali lipo. Kisha ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, utafute hukumu za rufaa za Mahakama Kuu, Iringa, zilizotolewa baada ya marekebisho. Soma mwenyewe sababu za jaji, usiishie kwenye muhtasari. Weka jedwali dogo: tarehe ya kufungua shauri, hoja ya cheti iliibuliwa lini na nani, jaji aliegemea kifungu gani, shauri liliishaje. Tarehe ya kufungua ina uzito wa pekee, kwa sababu shauri lililofunguliwa kabla ya marekebisho haya haliwezi kupimwa bila kwanza kujibu kama kifungu kipya kinalihusu. Mashauri ya namna hiyo yatoe, au yape sehemu yake.

Ukikuta majaji wote wanasema kitu kimoja, swali hilo limekufa kama lilivyo. Shuka hatua moja: zile siku 30 zinathibitishwaje? Mwananchi aliyefika kata akaambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka mwezi ukaisha, anaonyesha nini wilayani? Hilo litakupeleka kwa makatibu wa mabaraza ya kata, na hapo utahitaji barua ya utambulisho ya chuo na kibali cha ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Yaombe mapema. Chagua kata mbili au tatu, zisizidi.

Kikomo kimoja kiandike wazi kwenye sura ya mbinu za utafiti. Hukumu za rufaa zinaonyesha waliokuwa na nguvu ya kukata rufaa. Aliyerudishwa mlangoni wilayani kwa kukosa cheti, akaenda zake, hayumo humo. Kwa hiyo hukumu zitakwambia mahakama zinasema nini. Usizitumie kusema wanakijiji wa Mufindi wanatendewaje.

Na kama hukumu za Iringa ni chache mno, ongeza za Mahakama Kuu, Mbeya. Ongeza hukumu, swali la pili usiongeze.