EF 60% kwenye vali inayovuja

"Mama vali ya mitrali inavuja sana ila hana dalili, EF 60%. Si asubiri tu?"

Hapana, aonane na daktari wa upasuaji bila kungoja dalili. EF ni asilimia ya damu ambayo chemba ya chini ya kushoto ya moyo husukuma kila pigo, na anayesema EF ya zaidi ya 55 ni salama yuko sahihi kwa moyo usiovuja. Hapa chemba hiyo imetanuka ili ibebe damu nyingi, na sehemu ya damu hiyo inarudi chemba ya juu kupitia vali, ambako shinikizo ni dogo. Tuseme imejaa mililita 200 ikasukuma 120: ndiyo hiyo 60%. Lakini 50 zimerudi nyuma, mwili umepata 70 tu. Mimi hupima eko kazini, na namba hii huwadanganya wengi.

Tazama LVESD kwenye ripoti, yaani upana wa chemba hiyo inapomaliza kusukuma. Ikifika milimita 40, au EF ikiwa 60 kushuka chini, miongozo inapendekeza upasuaji hata bila dalili, ikiwezekana vali irekebishwe badala ya kubadilishwa. Mkichelewa, misuli huweza kubaki dhaifu hata vali ikipona.

Hayo ni kama vali yenyewe ndiyo mbovu. Kama moyo ulitanuka kwanza ndipo ikavuja, hesabu ni nyingine.