Puto la uji halivimbi

"Niko Tanga, nafanya mradi wa sayansi ya chakula. Hamira na sukari imejaza puto, donge la ngano kidogo tu, uji karibu hakuna. Nimekosea wapi?"

Uji wenyewe hauna kosa, mdogo wangu. Huchachushwa zaidi na bakteria wa asidi ya laktiki, na wengi wao hutoa asidi, gesi kidogo au hakuna. Upime kwa karatasi ya pH, uache siku nzima, kisha upime tena: pH ikishuka, umechacha.

Donge ndilo linalodanganya, maana hunasa gesi ndani. Lifanye rojo la chapati za maji: unga gramu 50, maji mililita 100, hamira gramu 3. Chupa ya sukari nayo ipate maji na hamira kwa kiasi hichohicho. Pima mzunguko wa puto kwa uzi kila dakika 10. Likinywea mapema, paka shingo ya chupa maji ya sabuni. Mapovu yataonyesha panapovuja.