Asilimia 45 wanairuka, baadhi ya waliobaki wanairudia

"Video yangu fupi ya kupogoa mizabibu hapa Hombolo inatazamwa kwa wastani wa asilimia 110 ya urefu wake, lakini 45 kati ya 100 wanairuka bila kuitazama. Mbona namba zinapingana?"

Dada, hazipingani. Kwenye video ndefu mtu huona picha na kichwa cha habari, anachagua, ndipo anabofya. Anayefika ameshakubali kutazama, na grafu ya utazamaji inaonyesha alivumilia hadi wapi. Video fupi, yaani Shorts, YouTube inamwekea mtu mbele ya macho bila kumuuliza, kwa hiyo uamuzi wa kubofya unafanyika ndani ya video yenyewe, kwa kidole. Hicho ndicho kinachopimwa na takwimu ya YouTube ya "Viewed vs. swiped away", waliotazama dhidi ya walioiruka.

Sasa tuseme video yako ni ya sekunde 20 na imewekwa mbele ya watu 100. Hao 45 waliondoka mlangoni. Wale 55 wamebaki kutazama, na baadhi wameirudia. Marudio ndiyo yanayopandisha wastani kupita asilimia 100. Wastani huo mzuri ndio unaolificha tatizo, nalo liko mwanzoni.

Kwa hiyo usiguse katikati wala mwisho. Kama unaanza kwa salamu na kutembea kuelekea shambani, kata vyote. Fremu ya kwanza iwe mkasi juu ya tawi, huku ukisema, "Ukikata hapa, msimu huu huvuni." Ipakie kama video mpya, kisha linganisha asilimia ya walioiruka kwenye mkondo wa Shorts tu, maana wanaokuja kwa kutafuta wameshachagua, kama wale wa video ndefu.