Funika safu ya salio kwanza

*Swali la wiki: "Mimi ni fundi cherehani. Daftari langu la oda limejaa vianzio na salio, mengine yamekatwa, mengine yameongezwa pembeni. Nataka kutoa orodha ya wateja ninaowadai hadi leo. Nianzie wapi?"*

Fundi mwenzangu, kabla hujanakili chochote, chukua kipande cha karatasi ngumu uifunike safu ya salio kutoka juu hadi chini. Safu hiyo ndiyo itakayokupoteza. Iliandikwa siku mteja alipotoa kianzio, na tangu siku hiyo yametokea mambo ambayo yenyewe haikuyaona: kitambaa kiliongezwa, mteja akapitia jioni akaacha kidogo, nguo ikachukuliwa na ndugu yake. Vitu vya kuamini daftarini ni bei mliyokubaliana na kila fedha iliyoingia mkononi. Salio ni jibu la hesabu, na hesabu hiyo itabidi uipige upya, oda kwa oda.

Nayasema haya kwa kuwa mimi nilianza kwa kunakili. Nilipita daftari zima jioni moja, kila oda isiyo na neno "imeisha" nikaandika jina, simu na salio lake. Nikapata oda 41, nikawatumia ujumbe wenyewe wote usiku huohuo. Asubuhi mama mmoja akaingia kibandani simu ikiwa mkononi. Alinionyesha ujumbe wa malipo wa siku aliyochukua gauni lake: alikuwa amemaliza yote. Kijana wangu alithibitisha malipo, akakunja gauni, akalitia mfukoni, ila hakurudi daftarini kuandika. Yule mama hakugomba. Aliomba tu nikate jina lake kwa kalamu yeye akitazama, nikakata, akaondoka. Hajarudi kushona kwangu mpaka leo, na bado linaniuma.

Kwa hiyo tafuta daftari jipya, ulichore kwa rula. Mstari mmoja uwe wa oda moja, usianze na mteja. Andika namba ya oda, jina, simu, bei, nyongeza, jumla ya malipo yote, kisha salio, na mwisho safu ambayo daftari la oda kwa kawaida halina: nguo iko wapi. Hiyo nitairudia chini.

Sasa tuchukue oda moja tuitazame kwa karibu. Ni oda 87, gauni. Bei ni 45,000, kianzio 20,000, na salio lililoandikwa mwanzoni ni 25,000. Pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine, pameandikwa "bitana 6,000". Chini kidogo pana "10" na tarehe tu, kwa sababu ukiwa na haraka huandiki sifuri tatu za mwisho. Ile 25,000 imekatwa, juu yake ikaandikwa 15,000. Ukinakili harakaharaka utachukua 15,000, maana ndiyo namba ya mwisho kuandikwa. Lakini aliyeiandika alitoa ile 10,000 kwenye salio la zamani bila kukumbuka bitana. Ukipiga upya, 45,000 ukijumlisha 6,000 unapata 51,000. Malipo ni 20,000 na 10,000, yaani 30,000. Unadai 21,000.

Unadai, ikiwa mteja aliikubali ile bitana. Hapa usijidanganye. Nyongeza iliyoandikwa na wewe peke yako pembeni ya ukurasa, baada ya kianzio, na isiyoonekana kwenye risiti ya mteja wala kwenye ujumbe wowote kati yenu, ni jambo la kuulizia kwanza. Iandike kwenye safu yake ya nyongeza, usiichanganye na bei, ili mteja akibisha ujue ni kiasi gani hasa kinachobishaniwa.

Ukishapiga salio la kila oda, utakuta mengine yametoka hasi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwa kuwa wanatafuta wadaiwa, wanaona hasi si kazi yao, wanairuka. Usiiruke, ina habari ndani yake. Kwenye daftari langu oda 112 ilikuwa sare tatu za watoto, jumla 36,000, kianzio 16,000, na siku ya kuchukua akaandikiwa 30,000. Salio likatoka hasi 10,000. Mbele kidogo kulikuwa na oda 118, shati la 15,000, bila malipo yoyote. Ni mtu yuleyule. Aliposimama mbele yangu na 30,000 alikuwa anamalizia sare na kupunguza deni la shati, mimi nikaziandika zote kwenye oda moja. Deni lake la kweli ni 5,000. Kama ningetupa ile hasi, ningemdai 15,000, na angekuwa na haki ya kukasirika.

Ndiyo maana baada ya mistari ya oda inakuja hatua ya kuunganisha oda za mteja mmoja. Unganisha kwa namba ya simu, majina hayafai. Mteja huyo wa sare alikuwa ameandikwa kwa jina la mtoto wake mara moja, jina la mumewe mara moja, na mara ya tatu "jirani wa saluni". Kama unaingiza orodha kwenye jedwali la simu au kompyuta, iweke safu ya namba za simu iwe ya maandishi kabla ya kuanza kujaza. Ukiiacha kama safu ya hesabu, ile sifuri ya mwanzo itafutika. Kisha ziandike namba zote kwa mtindo mmoja, maana namba iliyoandikwa kwa sifuri na ileile iliyoandikwa kwa msimbo wa nchi zitaonekana kama za watu wawili. Chunguza na kinyume chake: simu moja inaweza kuwa ya mtu aliyetumwa kuleta vitambaa vya watu watatu. Vipimo vitakuambia. Kiuno cha 28 na kiuno cha 40 kwa simu moja, uliza kabla hujajumlisha.

Sasa turudi kwenye safu ya nguo iko wapi. Beba daftari jipya, nenda kwenye hanga na rafu, shika nguo moja moja, soma kikaratasi cha namba kilichobanwa kwa pini, weka alama kwenye mstari wake. Kazi hii haiwezi kufanywa ukiwa umekaa. Ukimaliza, oda zote zenye salio zitakuwa zimegawanyika zenyewe. Kuna ambazo nguo imeshachukuliwa na fedha haijatimia: hilo ndilo deni. Kuna ambazo nguo iko tayari, inaning'inia hapo: salio lipo, lakini mteja atalitoa akija kuchukua, na ujumbe wake ni wa kumwambia nguo iko tayari. Na kuna ambazo hujamaliza kushona, pengine hata kukata bado. Hao usiwaweke kabisa kwenye orodha ya wadaiwa. Kwa kianzio chao, wewe ndiye unayedaiwa kazi, na mteja akiwa amesitisha oda kabla hujakata kitambaa, huenda wewe ndiye wa kumrudishia.

Kwenye hanga utakutana pia na nguo isiyo na mstari daftarini, na mstari usio na nguo. Wa pili ndio mgumu. Nguo haipo, daftari halisemi kama ilichukuliwa, malipo ya mwisho hayajaandikwa. Hapo rudi kwenye vishina vya risiti na kwenye ujumbe wa malipo ya simu, ukitafuta kiasi kinacholingana na salio kamili. Mteja anayemalizia hutoa mara nyingi salio lote kwa mkupuo, hivyo 21,000 kamili iliyoingia wiki ambayo nguo ilikuwa tayari ina uzito, ingawa jina la mtumaji linaweza kuwa la mtu mwingine. Usipoipata, andika "kuulizia" mbele ya jina, usiandike "deni". Huyo namwandikia hivi: "Naweka sawa daftari langu. Ulipochukua suruali yako, kuna kiasi ulichomalizia ambacho sikukiandika?" Wengi hujibu kwa kunitumia ushahidi wa malipo, na waliosahau hujibu kwamba watalipa.

Nikuambie na kuhusu neno "imeisha", kwa sababu lilinigharimu. Kwenye daftari langu lilikuwa na maana mbili. Mimi niliandika "imeisha" fedha ilipotimia. Kijana wangu aliandika "imeisha" mshono ulipokamilika. Kwa hiyo zile oda nilizoziruka mwanzo nilirudi kuzipiga hesabu zote, na nne kati yake zilikuwa nguo zilizochukuliwa zikiwa na salio. Kama mnaandika daftari watu wawili, usiruke oda kwa sababu ya alama yoyote, hata vema.

Kabla ya kutuma ujumbe hata mmoja, hakiki kila ukurasa. Jumlisha bei na nyongeza zote za ukurasa, toa malipo yote, na jibu lilingane na jumla ya safu ya salio, hasi zikiwemo. Zisipolingana, angalia tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, mara nyingi umegeuza tarakimu, 54,000 mahali pa 45,000, au umeacha sifuri: 30,000 ikiandikwa 3,000 inaleta tofauti ya 27,000. Tofauti isipogawanyika kwa 9, igawe kwa 2 utafute kiasi hicho kwenye ukurasa, maana malipo uliyoyajumlisha badala ya kuyatoa huonekana mara mbili. Haya yanakamata makosa ya kuhesabu na kunakili peke yake. Malipo ambayo hayakuandikwa popote hayatajitokeza hapo.

Kwangu, zile oda 41 zilichujika hivi: 9 zilikuwa zimelipwa zote, 11 nguo zilikuwa kwenye hanga, 5 hazijashonwa. Zikabaki 16. Nikaongeza zile nne za "imeisha", zikawa 20, na baada ya kuunganisha simu nikabaki na watu 17. Niliwapanga kwa tarehe ya kuchukua nguo, wa zamani zaidi juu, kwa kuwa hao ndio ambao kumbukumbu zao na zangu zinafifia haraka.

Juu kabisa ya orodha andika tarehe uliyoifunga. Malipo yatakayoingia baada ya hapo yaandike kwanza kwenye oda yake katika daftari la oda, kwa tarehe, kiasi kamili na sahihi ya aliyepokea, halafu ndipo ukate jina kwenye orodha. Ukianza kuyaandika kwenye orodha peke yake, baada ya miezi miwili utakuwa na safu nyingine ya kufunika.