Kalavati likizibwa robo

"Eneo ni hekta 40, kalavati la boksi lina upana wa mita 2 na kimo cha 1.5, mvua kubwa inayotarajiwa mara moja katika miaka 25. Hesabu imetosha, mbona mkaguzi karudisha waraka?"

Mvua ya milimita 90 kwa saa, kwa mgawo wa mtiririko wa 0.6, yaani sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi, inakupa mita za ujazo 6 kwa sekunde, na mdomo ulio safi huzipitisha maji yakikaribia dari. Ila mdomo safi mtaani ni nadra. Ukichukulia kuwa robo ya upana imezibwa na chupa, matawi na mchanga, maji yaleyale yatapanda hadi takriban mita 1.77 kutoka sakafuni, kwa hiyo onyesha kwamba barabara na vizingiti vya nyumba za upande wa juu vimezidi kiwango hicho. Anayeshauri kuongeza mteremko wa kalavati amepatia nusu, kwa kuwa mteremko husaidia ndani ya kalavati, ilhali hapa kinachobana ni mdomo. Eleza pia hiyo 90 imetoka kituo gani na ni ya muda gani wa mkusanyiko, yaani muda wa maji ya eneo lote kufika kwenye kalavati. Kama robo inatosha pasipo na uzoaji wa taka, bado nina shaka.